Kuandika Upya Maoni ya Kisiasa Yaliyoandikwa kwa Hasira Bila Kuyapunguzia Msimamo

Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kupokea maoni ya kisiasa ya watu wengine na kuyarudisha kwa wenyewe yakiwa na alama za kalamu nyekundu. Lalamiko ninalolisikia mara nyingi kuliko yote ni hili: "Umeniondolea makali." Mara nyingine lalamiko hilo ni la haki, kwa sababu mhariri mwoga huondoa matusi na msimamo kwa mkupuo mmoja, kisha akabakiza andiko lenye adabu lisilosema kitu. Mwongozo huu unahusu namna ya kutenganisha vitu hivyo viwili, na nitautumia mfano mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Mfano wenyewe nimeutunga, lakini kila kosa lililomo nimelikuta zaidi ya mara moja katika maandiko halisi.

Tuseme baraza la mji fulani limeamua kugeuza uwanja wa michezo kuwa maegesho ya magari. Mwandishi wetu ni mzazi. Amerudi nyumbani, amesikia habari, na ameandika hivi:

"Hivi hawa watu wana akili kweli?? Eti wanataka kugeuza uwanja wetu kuwa maegesho ya magari, halafu wanatuambia ni maendeleo. Maendeleo ya nani? Kila mtu anajua wamekula rushwa. Madiwani huangalia matumbo yao tu, watoto wa wanyonge si kitu kwao. Mkutano wenyewe waliufanya kwa siri. Na ninyi vijitu mnaowatetea ni vibaraka, mtajuta watoto wenu watakapogongwa na magari. Uwanja ni mali ya wananchi, HAUUZWI! Tuamke jamani!!"

Kabla ya kuligusa andiko hili, ni vizuri kuelewa kwa nini linavutia kulituma kama lilivyo. Mwaka 2017 kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha New York, akiwemo William Brady, lilichapisha uchunguzi wa ujumbe zaidi ya 500,000 wa Twita kuhusu mada tatu za kisiasa zenye ubishi. Waliona kwamba kila neno moja lililobeba hisia na hukumu ya kimaadili kwa pamoja liliongeza usambazwaji wa ujumbe kwa takriban asilimia 20. Ila waliona pia kwamba ongezeko hilo lilikuwa kubwa zaidi ndani ya kambi ya watu wenye msimamo mmoja kuliko baina ya kambi mbili. Kwa hiyo mzazi wetu akilituma andiko lake leo, huenda litasambaa sana miongoni mwa wale ambao tayari wamekasirika pamoja naye. Diwani mmoja au wawili ambao wangeweza kubadili kura yao hawatavuka sentensi ya kwanza.

Hatua ya kwanza: andika imani yako katika sentensi moja isiyomtaja mpinzani

Weka rasimu kando. Chukua karatasi nyingine na ukamilishe maneno haya: "Ninaamini kwamba..." Sharti ni moja tu, nalo ni kwamba sentensi hiyo isiwe na mtu anayelaumiwa. Mzazi wetu alipojaribu mara ya kwanza aliandika "Ninaamini kwamba madiwani wametusaliti", na hapo alikuwa bado anamzungumzia diwani wala si uwanja. Jaribio la tatu ndilo lililofaa: "Ninaamini kwamba mali ya umma ambayo watoto hawana mbadala wake haipaswi kukodishwa kwa faida ya mtu yeyote."

Hiyo ndiyo nguzo, na haitaguswa hadi mwisho wa kazi. Kila utakapofuta sentensi katika hatua zinazofuata, irudie sentensi hii na ujiulize kama uliyoifuta ilikuwa inaishikilia nguzo au ilikuwa imeegemea tu. Utashangaa ni sentensi chache kiasi gani zilikuwa zinashikilia kitu.

Hatua ya pili: pambanua kila sentensi inafanya kazi gani

Rudi kwenye rasimu ukiwa na kalamu. Pembeni mwa kila sentensi andika herufi moja: T kwa tukio ambalo mtu mwingine anaweza kulihakiki, H kwa hukumu yako juu ya jema na baya, N kwa maelezo ya nia ya mtu mwingine, na D kwa dai, yaani jambo unalotaka lifanyike. Sentensi nyingine zitapata herufi mbili, na hilo si tatizo.

Rasimu yetu ina sentensi tisa. Ya kwanza ni hukumu iliyovaa nguo ya swali. Ya pili ni tukio, ingawa limetangulizwa na "eti", neno ambalo nitalirudia baadaye. Ya tatu ni swali lisilosubiri jibu. Ya nne na ya tano ni nia tupu. Ya sita, inayohusu mkutano wa siri, ni tukio linaloweza kuhakikiwa. Ya saba ni tusi pamoja na utabiri. Ya nane ni hukumu nzuri iliyobeba tukio lenye kosa. Ya tisa inaonekana kama dai, lakini jaribu kuitekeleza: ukishaamka, unafanya nini?

Zoezi hili humchukua mtu dakika tano, nalo hufichua jambo ambalo mwandishi mwenyewe halioni, kwamba andiko lote kali namna ile halina dai hata moja. Baraza likilisoma na kukubali kila neno lililomo, bado halitajua linatakiwa lifanye nini.

Hatua ya tatu: hakiki matukio, na nia uigeuze kuwa kitendo

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na hapa ndipo watu wengi huruka kwa sababu ni kazi ya miguu na simu kuliko ya kalamu. Chukua kila sentensi yenye T na uitafutie ushahidi. Mzazi wetu alikwenda kusoma kumbukumbu za mkutano na kanuni za baraza, na akakuta mambo matatu.

La kwanza, mkutano haukuwa wa siri. Tangazo lilibandikwa, ila lilibandikwa siku 3 kabla, ilhali kanuni za baraza lenyewe zinataka siku 14. La pili, uwanja hauuzwi, bali unakodishwa kwa miaka 20. La tatu, kura zilikuwa 9 dhidi ya 6, na maana yake ni kwamba madiwani sita waliyasema yale yale anayoyasema yeye, na katika rasimu yake amewatukana pamoja na wengine.

Angalia kilichotokea kwenye neno "siri". Lingebaki, msemaji wa baraza angejibu kwa kupiga picha tangazo lililobandikwa ukutani, na mjadala ungeishia hapo huku mwandishi akionekana mwongo. Lakini "siku 3 badala ya siku 14" haijibiki kwa picha, kwa kuwa picha yenyewe ndiyo ushahidi. Ndivyo ilivyo hata kwa "hauuzwi". Mpinzani angesema kwa utulivu kabisa kwamba hakuna anayeuza kitu, na angekuwa anasema kweli. Watu huchukulia usahihi kuwa ni namna ya kulegeza maneno. Mimi nimeona kinyume chake mara nyingi, kwa kuwa neno lililokuzwa humpa mpinzani mlango wa kutokea.

Sasa njoo kwenye nia. "Wamekula rushwa" ni tuhuma ya jinai. Kama una ushahidi, hilo ndilo andiko lako, na linapaswa kuanza na ushahidi huo. Kama huna, basi "kila mtu anajua" haliwi ushahidi, bali ni namna ya kukiri kwamba huna. Zaidi ya adabu kuna suala la sheria. Sheria za kashfa hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, lakini nyingi hupambanua madai ya ukweli na maoni. Sheria ya Kashfa ya mwaka 2013 inayotumika Uingereza na Wales, kwa mfano, inatoa kinga kwa maoni ya mtu mkweli, ila inataka kauli hiyo iwe kweli ni maoni, ionyeshe kwa jumla au kwa undani msingi wake, na iwe ni maoni ambayo mtu mkweli angeweza kuwa nayo kutokana na mambo yaliyokuwapo wakati huo. Sharti la kuonyesha msingi linafaa kufuatwa na kila mwandishi wa maoni, hata pale ambapo hakuna mwanasheria anayemtazama. Msomaji akiuona msingi, anaweza kuipima hukumu yako, naye akiipima na kuiona sawa, inakuwa yake.

Njia ya kuigeuza nia ni kujiuliza: "Ni kitendo gani kilichonifanya niamini hivyo?" Mzazi aliamini madiwani hawajali watoto. Kwa nini? Kwa sababu shule mbili za msingi zinautumia uwanja ule, na hakuna mzazi wala mwalimu aliyesikilizwa kabla ya kura. Basi aandike hivyo. Msomaji atafika mwenyewe kwenye wazo kwamba watoto hawakujaliwa, na wazo ambalo mtu amelifikia mwenyewe halimtoki kirahisi.

Hatua ya nne: tafuta dharau iliyojificha ndani ya sarufi

Ukiondoa matusi ya wazi, unaweza kudhani andiko limekuwa safi, kumbe dharau imebaki ndani ya viambishi na maneno madogo. Kiswahili kina njia kadhaa za kumdharau mtu bila kumtukana, na inafaa kuzitafuta moja moja.

"Eti" ni ya kwanza. Neno hili humwambia msomaji kwamba kinachofuata ni upuuzi, kabla hajakisikia. Linafaa sana katika mazungumzo, lakini katika andiko la hoja linafanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa na ushahidi. Lifute uone kama sentensi bado inauma. "Wanataka kugeuza uwanja kuwa maegesho" inauma vya kutosha.

Ya pili ni kiashiria kinachotangulia nomino. "Hawa watu" na "watu hawa" ni maneno yale yale, lakini la kwanza, katika mazungumzo ya ugomvi, mara nyingi huja na mdomo uliobetuliwa. Tatu ni ngeli zinazodunisha au kukuza: "vijitu", "lijitu", "vijimaneno". Kuziondoa hakuhitaji maelezo.

Ya nne ina madhara zaidi kwa sababu haina sura ya dharau kabisa, nayo ni kiambishi "hu-". Unapoandika "madiwani huangalia matumbo yao", huzungumzii kura ya wiki iliyopita, bali unaeleza tabia yao ya siku zote, kama vile unavyosema maji huchemka. Tabia haihakikiwi na haina tarehe. "Madiwani tisa walipiga kura" ina wakati, ina idadi na ina watendaji. Katika kuhariri, kila ninapoikuta "hu-" ikiwa imeshikana na kundi la watu wa kisiasa, huizungushia duara na kumwomba mwandishi aibadilishe kuwa "-li-" au "-me-" na aongeze ni lini. Akishindwa kusema ni lini, sentensi inaondoka.

Ya tano ni kiambishi "wa-" kisicho na mwenyewe. Kiswahili kinaturuhusu kuandika "wametuuza", "wanatudharau", "wamekula", aya nzima, bila kumtaja mtendaji hata mara moja. Kila msomaji hujaza mtu anayemchukia. Hii si ukosefu wa adabu tu, ni ukungu pia, kwa sababu hata anayekuunga mkono hajui unamzungumzia nani. Sheria yangu ni kwamba kila aya yenye "wa-" ya lawama ianze na nomino kamili: madiwani tisa, kamati ya fedha, kampuni iliyoomba kukodisha. Usikimbilie kauli ya kutendwa kama dawa, maana "uamuzi ulifanywa" kuna adabu lakini kunamficha mtendaji kabisa, na kazi ya andiko la kisiasa ni kumweka mbele.

Mwisho kuna "ninyi". Katika rasimu yetu, nusu ya pili inawageukia watetezi wa mpango na kuwahutubia moja kwa moja: "ninyi vijitu mnaowatetea". Amua unazungumza na nani na usimbadilishe njiani. Andiko linaloanza kwa kuwaeleza wananchi na kuishia kwa kuwafokea baadhi yao hupoteza pande zote mbili.

Hatua ya tano: andika hoja ya upande wa pili kama wao wangeiandika

Mwanazuoni Anatol Rapoport, aliyechunguza migogoro kwa kutumia hisabati na saikolojia, alipendekeza kwamba kabla ya kumpinga mtu umweleze msimamo wake kwa namna ambayo yeye mwenyewe ataikubali. Katika maandiko ya kisiasa hatua hii huonekana kama kujisalimisha, na waandishi huitekeleza kwa unafiki: "Najua watasema ni kwa ajili ya maendeleo." Hiyo si hoja yao bali ni katuni yake.

Mzazi wetu alimpigia simu jirani yake anayeunga mkono maegesho, akamwuliza kwa nini. Jirani alitoa sababu mbili. Magari yanaegeshwa kando ya barabara hadi waenda kwa miguu wanalazimika kupita katikati ya magari, na kodi ya uwanja ingelipia ukarabati wa mifereji ambao umeahirishwa mara kadhaa. Hizo ni sababu za kweli. Ziandike kwa sentensi mbili kamili, bila alama za nukuu za kejeli na bila "eti" kurudi kwa mlango wa nyuma. Sentensi mbili zinatosha. Ukiziandikia aya nzima, utakuwa umemwandikia mpinzani andiko lake.

Hatua ya sita: rudisha makali mahali pake

Sasa rasimu ina adabu, na mara nyingi imekufa. Hapa ndipo mwandishi anaposema ameondolewa makali, na mara nyingi aliyeyaondoa ni yeye mwenyewe, kwa sababu baada ya kukatazwa kutukana alianza kuomba radhi. Sentensi ya nguzo imegeuka kuwa: "Kwa mtazamo wangu, pengine ingefaa kama wahusika wangetazama upya suala hili." Hesabu maneno ya kusitasita: "kwa mtazamo wangu", "pengine", "ingefaa", "kama", "wangetazama". Matano katika sentensi moja, na "wahusika" wamerudi kwenye ukungu.

Ustaarabu na kusitasita ni vitu viwili tofauti. Unaweza kusema "walikosea" bila kumvunjia mtu heshima, kwa sababu neno hilo linahukumu kitendo. Hakuna haja ya kusema "naona kama walikosea", kwani msomaji anajua tayari kwamba anasoma maoni yako. Kwa hiyo pitia andiko na uzungushie duara kila "labda", "huenda", "pengine", "naona", "kwa maoni yangu" na kila "-nge-". Acha zile tu ambazo zinaeleza shaka ya kweli juu ya tukio. Mzazi hajui kwa nini tangazo lilichelewa. Hapo shaka ni ya haki, na badala ya kuificha kwa "huenda" anaweza kuigeuza kuwa swali lenye mtu wa kulijibu. Lakini hana shaka kwamba uamuzi ni mbaya, na sentensi ya hukumu isimame bila mkongojo.

Hasira nayo ina nafasi. Ninashauri sentensi moja, iliyo fupi, inayokuja baada ya ushahidi na siyo kabla yake. Alama za mshangao na herufi kubwa hazihitajiki, kwani sentensi fupi baada ya sentensi ndefu ina sauti ya kutosha yenyewe. Na maneno makali kama "uongo" au "wizi" hayajapigwa marufuku. Mtu aliyesema jambo akijua si kweli amesema uongo, na kuliita "taarifa isiyokamilika" ni kumficha. Unachotakiwa ni kuonyesha kwanza kwamba alijua.

Hatua ya saba: mpe mtu kazi ya kufanya

"Tuamke jamani" ibadilishwe na sentensi yenye mambo matatu: nani, afanye nini, kabla ya lini. Mzazi aligundua kwamba mkataba ulipangwa kusainiwa tarehe 30. Bila tarehe hiyo, baraza linaweza kuahidi kulitafakari suala hadi mkataba uwe umeshatiwa saini, kisha likasema kwa masikitiko kwamba muda umepita.

Baada ya hatua hizo, andiko lilisomeka hivi:

"Wiki iliyopita madiwani 9 kati ya 15 walipiga kura ya kukodisha uwanja wetu wa michezo kwa miaka 20 ili ugeuzwe kuwa maegesho ya magari. Walikosea, na kura hiyo inapaswa kurudiwa.

Tangazo la mkutano lilibandikwa siku 3 kabla, ilhali kanuni za baraza lenyewe zinataka siku 14. Shule mbili za msingi zinautumia uwanja huu, na hakuna mzazi wala mwalimu aliyesikilizwa kabla ya kura. Uwanja mwingine ulio karibu uko umbali wa kilomita 3, ng'ambo ya barabara kuu, na mtoto wa miaka 8 hawezi kwenda huko peke yake. Watoto hawa hawakuulizwa, na hawana mahali pengine.

Wanaounga mkono mpango huu wana sababu za kweli. Magari yanayoegeshwa kando ya barabara yanawalazimisha waenda kwa miguu kupita katikati ya magari, na kodi ya uwanja ingelipia ukarabati wa mifereji ulioahirishwa mara kadhaa. Lakini maegesho yanaweza kujengwa mahali pengine. Mali ya umma ambayo watoto hawana mbadala wake haipaswi kukodishwa kwa faida ya mtu yeyote.

Kwa nini kanuni ya siku 14 haikufuatwa? Madiwani 9 waliopiga kura ya ndiyo watujibu hadharani. Nalitaka baraza liitishe mkutano mpya kwa tangazo la siku 14, na kura ipigwe upya wazazi wakiwepo, kabla mkataba haujasainiwa tarehe 30."

Linganisha na rasimu ya kwanza. Hakuna tusi hata moja, lakini andiko hili ni gumu zaidi kwa madiwani tisa kuliko lile la awali. Lile wangelipuuza kama kelele. Hili linawataja kwa idadi yao, linawauliza swali lenye jibu, na linawawekea tarehe. Madiwani sita waliopinga nao sasa wanaweza kulisambaza bila aibu.

Hatua ya nane: mpe asomaye asiyekubaliana nawe

Kuna jaribio unaloweza kulifanya peke yako kwanza. Badilisha pande: fikiri kwamba madiwani wa upande wako ndio waliokodisha uwanja, na andiko hili limeandikwa na mpinzani wako. Kila neno ambalo ungeliona ni la uonevu, lipime upya. "Walikosea" litapita. "Vibaraka" lisingepita.

Kisha mpe mtu wa upande wa pili, na usimwulize kama amelipenda. Mwombe akueleze kwa maneno yake unadai nini na kwa sababu zipi. Akikosea dai, tatizo ni la andiko. Akilieleza sawasawa kisha akasema bado hakubaliani, kazi imekamilika, kwa maana kutokubaliana kwake sasa kunahusu uwanja. Jaribio hili lina mipaka yake. Haliwezi kukuambia kama utashinda, na wapo wasomaji ambao hawatamaliza andiko lolote la upande wako hata ukiliandika kwa asali. Usiwaandikie hao, wala usiendelee kulainisha sentensi ukitumaini kuwafikia.

Mzazi wetu alimpa jirani yule yule aliyempigia simu. Jirani alilisoma, akalieleza dai bila kosa, kisha akaweka kidole kwenye sentensi moja: "Maegesho yanaweza kujengwa mahali pengine." Akauliza, "Wapi?" Mzazi hakuwa na jibu. Alikuwa ameiandika kwa sababu ilisikika vizuri, na katika kuhakiki matukio ilimponyoka kwa kuwa ilivaa sura ya hoja.

Alikuwa na njia mbili. Angeweza kutafuta eneo lingine na kulitaja, au angeweza kukubali kwamba huenda halipo na kuona kama nguzo yake bado inasimama. Alichagua ya pili, akaandika: "Hata kama maegesho hayatapatikana mahali pengine, ni afadhali madereva waegeshe mbali na kutembea kuliko watoto kuvuka barabara kuu ili wacheze." Jirani alisoma, akatikisa kichwa, akasema hiyo sasa ni sentensi ambayo atalazimika kuijibu.